Shampeni Isiyoruka wala Kufoka: Namna ya Kuifungua na Kuimimina

Mtu anayeifungua chupa ya mvinyo wenye mapovu hutaka mambo mawili: kizibo kisimjeruhi mtu, na mapovu yawafikie wanywaji badala ya kuishia sakafuni. Wengi huyachukulia kuwa mambo tofauti, kana kwamba la kwanza ni la tahadhari na la pili ni la ustadi wa mhudumu. Ukweli ni kwamba yote mawili yanategemea gesi ileile. Gesi inayokirusha kizibo ndiyo ambayo ingepaswa kupanda taratibu ndani ya glasi, na kila kinachoilazimisha itoke kwa ghafla humhatarisha aliye karibu na papo hapo huupunguzia mvinyo uhai wake. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa kwa usalama karibu kila mara huwa pia ndiyo yenye mapovu mazuri zaidi.

Katika makala haya nitatumia neno shampeni kama linavyotumika kwenye sherehe zetu, yaani kwa mvinyo wowote wenye mapovu uliozibwa kwa kizibo kinene kilichofungwa kwa waya. Shampeni yenyewe hutoka katika jimbo la Champagne nchini Ufaransa, lakini prosecco ya Italia, cava ya Hispania na mivinyo ya aina hiyo inayotoka Afrika Kusini hufunguliwa kwa namna ileile. Hata juisi ya zabibu yenye gesi, isiyo na kileo, ambayo familia nyingi huichagua kwa sababu za dini au za afya, hufuata kanuni hizihizi ikiwa imefungwa kwa kizibo na waya.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Katika utengenezaji wa shampeni ya Ufaransa, mvinyo uliokwisha kuchachuka mara moja hutiwa tena hamira na sukari ya takriban gramu 24 kwa kila lita, kisha chupa hufungwa. Hamira huila sukari hiyo na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kwa kuwa haina pa kutokea, gesi hiyo huyeyuka ndani ya mvinyo. Chupa ya kawaida ya mililita 750 huishia kubeba karibu gramu 9 za gesi, ambazo zikiachiwa zote katika hewa ya kawaida zitajaza takriban lita 5. Gesi yenye ujazo unaozidi sana ule wa chupa yenyewe inakaa humo kwa utulivu kwa sababu mbili tu: kizibo kinaizuia, na ubaridi unaufanya mvinyo uweze kuishika.

Sababu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kimiminika baridi hushika gesi nyingi, na kinapopata joto hushindwa kuishika, hivyo gesi hupanda kwenye nafasi ndogo iliyo chini ya kizibo na kukisukuma. Shampeni iliyopozwa hadi nyuzijoto 6 za Selsiasi ina shinikizo linalokaribia mara tano ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ikiwa na nyuzijoto 20, shinikizo hupanda hadi mara saba na nusu hivi. Ikifika nyuzijoto 30, ambalo ni joto la kawaida kabisa Dar es Salaam au Mombasa, hukaribia mara kumi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama mara mbili na robo ya shinikizo la hewa. Chupa iliyoachwa mezani katika joto la pwani inazidi mara nne ya hapo, huku mlango wake ukiwa kizibo tu. Kioo chenyewe si cha kuhofiwa sana, kwani chupa za shampeni hutengenezwa nene kwa makusudi, na ile ya kawaida ikiwa tupu ina uzito wa gramu 835 hivi. Cha kuhofiwa ni kizibo.

Chukulia mfano ambao mtu yeyote aliyehudhuria harusi za Tanzania ataufahamu. Chupa inapambwa kwa utepe na kuwekwa kwenye meza kuu saa kumi na mbili jioni ili ionekane kwenye picha. Maharusi wanachelewa, utambulisho wa ndugu wa pande zote mbili unachukua muda wake, na mshereheshaji anaita ufunguzi wa shampeni saa nne usiku. Kwa saa nne chupa imekaa chini ya taa katika ukumbi wenye watu mia tatu, na sasa ina joto la ukumbi. Msimamizi anaichukua, anacheza nayo kwa kufuata muziki huku akiitikisa, anaufungua waya wote na kuutupa, kisha anakisukuma kizibo kwa vidole gumba viwili kuelekea watu walioinua simu kurekodi. Kizibo kinaruka, nusu ya mvinyo inafoka kwenye kitambaa cha meza, na wanaogongeana glasi wanakunywa kitu kitamu na vuguvugu kisicho na mapovu ya maana. Katika mfululizo huu kuna makosa matatu yanayotofautiana kwa sababu zake, nayo ni joto, mtikiso, na namna ya kukiachia kizibo.

Kosa la joto ndilo rahisi kuliondoa, na likiondolewa mengine hupungua makali. Chupa ya kuonyesha kwenye picha na chupa ya kufungua zisiwe moja, au basi chupa ikishapigwa picha irudishwe kwenye baridi. Njia ya haraka iliyo salama ni ndoo ya barafu, lakini ndoo hiyo iwe na maji pamoja na barafu, nusu kwa nusu. Vipande vya barafu peke yake huigusa chupa katika sehemu chache, na kati yake hubaki hewa ambayo haipitishi ubaridi vizuri. Maji ya barafu huigusa chupa kila mahali. Chupa iliyokuwa na joto la nyuzi 20 hupoa vya kutosha kwa dakika 20 hadi 30, na iliyokuwa na joto la ukumbi wa pwani ipewe dakika 45. Maji yafike karibu na shingo, kwa maana mvinyo ulio shingoni ndio utakaokuwa wa kwanza kukutana na hewa, na ukiwa bado una joto huanza kufoka hata kama kitako cha chupa ni baridi.

Friji ya kawaida inahitaji saa nne au zaidi, na zaidi ya hapo ikiwa imejazwa vinywaji vingine siku hiyohiyo au umeme umekatika katikati. Friza siipendekezi hata kidogo. Mvinyo huganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri, na unapoganda hutanuka na kuisukuma gesi nje ya sehemu iliyoganda, kwa hiyo chupa iliyosahaulika humo inaweza kukitoa kizibo yenyewe au kupasuka. Kinacholengwa ni nyuzijoto 6 hadi 10, na friza haikusaidii kusimama hapo.

Sasa tuje kwenye mtikiso, ambao watu wengi huueleza isivyo. Husemwa kwamba kutikisa kunaongeza shinikizo ndani ya chupa. Chupa iliyofungwa na kutulia tayari ina mizani kati ya gesi iliyoyeyuka na gesi iliyo chini ya kizibo, na kuitikisa hakuongezi gesi yoyote. Kinachofanyika ni kwamba gesi iliyokuwa juu huchanganywa ndani ya mvinyo kwa umbo la viputo vidogo sana, vingi mno, vilivyotawanyika hadi chini. Gesi iliyoyeyuka haiwezi kutoka hivihivi katikati ya kimiminika. Inahitaji mahali pa kuanzia, yaani kiputo kilichokwisha kuwepo ambacho inaweza kuingia na kukikuza. Chupa iliyotulia ina sehemu chache za namna hiyo. Iliyotikiswa inazo zisizohesabika, na kizibo kinapotoka tu, shinikizo linaposhuka, viputo vyote hukua kwa pamoja na kuusukuma mvinyo mbele yao kupitia shingo nyembamba. Huko ndiko kufoka.

Maelezo haya yanatoa tiba yake pia. Viputo vikipewa muda vitapanda juu na kutoweka, na mvinyo utarudia hali yake. Chupa iliyoguswa kidogo wakati wa kuhamishwa kutoka kwenye friji itulie dakika kadhaa. Chupa iliyosafiri kwenye buti la gari katika barabara ya vumbi, au iliyodondoka bila kuvunjika, iwekwe wima kwenye baridi na iachwe kwa saa kadhaa, na ikiwezekana ifunguliwe siku inayofuata. Kwa kamati za harusi hii ina maana kwamba vinywaji hivi vifike ukumbini mapema, wala visiwe vitu vya mwisho kununuliwa njiani. Na kama wenye sherehe wanataka kweli kurushiana mapovu, kwa kuwa wapo wanaolifurahia jambo hilo, basi chupa ya mchezo huo iwe ya bei nafuu, itengwe mapema, na ifunguliwe kwanza kwa utaratibu huu ulio salama. Mtikiso ufanyike baada ya kizibo kutoka, kidole gumba kikiwa kimeuziba mdomo wa chupa na watu wakiwa mbali. Kizibo kisihusishwe kabisa na mchezo.

Tumefika kwenye ufunguzi wenyewe. Juu ya chupa kuna karatasi ya foili inayofunika kizibo na waya. Ondoa foili hiyo ukiwa umeisimamisha chupa mezani, hadi chini ya waya, na uifute shingo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chupa iliyotoka kwenye maji ya barafu inateleza na mkono unaoteleza ndio mwanzo wa ajali. Chini ya foili utaona kofia ya waya yenye kitanzi kidogo kilichokunjwa kwa juu. Kofia hii iliyosajiliwa na Mfaransa Adolphe Jacquesson mwaka 1844 ilichukua nafasi ya kamba zilizokuwa zikifungwa kwa mkono, na kazi yake ni moja tu: kukizuia kizibo. Tangu sekunde unayoanza kuilegeza, kizuizi hicho hakipo tena, na ni lazima mkono wako uchukue nafasi yake.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitanzi, weka kitambaa juu ya kizibo, na juu ya kitambaa weka kidole gumba cha mkono usioutumia sana, ukikikandamiza chini. Kidole hicho hakiondoki hapo hadi mwisho. Kwa mkono mwingine, ingiza mkono chini ya kitambaa, kishike kitanzi na ukizungushe nusu mzunguko mara sita. Karibu waya wote wa aina hii hufunguka kwa idadi hiyo, jambo linalomwezesha mtu kuufungua hata bila kuutazama. Waya ukilegea usiuondoe. Utanue kidogo tu na uuache juu ya kizibo, kwa sababu unapokishika kizibo pamoja na waya na kitambaa, vidole hupata pa kung'ang'ania. Zaidi ya hayo, dakika ile ya kuuchomoa waya ndiyo ambayo watu wengi huinua kidole gumba, na kizibo kilicholegea huweza kuondoka chenyewe bila kuguswa, hasa chupa ikiwa na joto.

Iinamishe chupa kwa kadiri ya nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45, mdomo wake ukielekea mahali pasipo na mtu, wala kioo, wala taa, wala uso wako mwenyewe. Kuinamisha huku kuna sababu. Chupa iliyosimama wima ina mvinyo unaokutana na hewa kwenye duara dogo tu la shingo, na povu likianza linapanda moja kwa moja hadi mdomoni. Chupa iliyoinama ina uso mpana zaidi wa mvinyo uliolala ndani ya kiwiliwili chake, hivyo gesi hupata njia ya kupanda bila kuusukuma mvinyo wote mbele yake.

Kisha kishike kizibo kwa uthabiti bila kukizungusha, na uzungushe chupa kwa kuishikia karibu na kitako chake. Kwa watu waliozoea kuzungusha kizibo hili huonekana geni, lakini chupa ni nzito na pana, kwa hiyo mkono unaoishika unaweza kuzungusha polepole na kwa nguvu inayolingana, ilhali kizibo kinachozungushwa kwa vidole huenda kwa mikupuo, na kile cha gome kinaweza kukatika shingoni. Baada ya robo mzunguko au nusu utakihisi kizibo kikianza kusukuma mkono wako. Hapo kazi yako hugeuka: huvuti tena, unazuia. Kikandamize kurudi ndani huku ukikiruhusu kipande kidogo kidogo, na kinapofika mwisho kiinamishe upande mmoja ili gesi ipate mwanya mwembamba wa kutokea. Utasikia sauti ya pumzi ndefu, wala si mlipuko. Ibakize chupa katika mwinamo uleule kwa sekunde tano hivi kabla ya kuisimamisha.

Vizibo vya plastiki, vilivyo vingi kwenye chupa za bei nafuu na kwenye juisi za zabibu zenye gesi, vinahitaji uangalifu zaidi kuliko vya gome. Kizibo cha gome hubanwa sana kinapoingizwa, kutoka upana wa milimita 31 hivi hadi 18, na hujaribu kutanuka muda wote, kwa hiyo hukwama shingoni na kutoka kwa shida. Plastiki haina mkwamo huo. Inaweza kugoma kabisa mwanzoni na kisha kuteleza yote kwa mara moja, na mtu aliyekuwa akivuta kwa nguvu hujikuta ameiachia. Ukiona kizibo ni cha plastiki, anza kuzuia mapema, hata kabla ya kuhisi msukumo.

Kizibo kikigoma, usitumie kizibuo cha kawaida cha mvinyo, kile cha parafujo. Unapokitoboa kizibo unakuwa umeinamia juu ya chupa yenye shinikizo, na parafujo ikiondoka pamoja na kizibo inakuwa silaha. Irudishe chupa kwenye maji ya barafu kwa nusu saa, uikaushe vizuri, kisha jaribu tena kwa kitambaa kilicholowa kidogo, ambacho hushika vizuri kuliko kikavu. Zipo pia koleo maalumu za kushikia vizibo hivi, na wahudumu wa hoteli kubwa huwa nazo. Kizibo kikikatika na kubakiza kipande ndani, chupa hiyo apewe mtu mwenye uzoefu, si mgeni mwenye nguvu.

Sisemi haya kwa kutia chumvi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, ambacho kila mwisho wa mwaka hutoa tahadhari juu ya jambo hili, hueleza kwamba kizibo kinaweza kuruka kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, umbali wa mita moja hupitwa kabla kope haijafumba. Jicho lililopigwa huweza kuvuja damu kwa ndani, lenzi yake ikahama mahali pake, au pazia la nyuma ya jicho likabanduka. Dalili ni ukungu wa kuona, damu inayoonekana mbele ya mboni, vidoa vinavyoelea au miali ya mwanga. Aliyepigwa asilifikiche jicho, asilikandamize wala kulipaka dawa yoyote. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na apelekwe hospitali usiku huohuo hata kama maumivu yanaonekana kupungua.

Chupa imefunguka kwa utulivu, na karibu gesi yake yote bado imo ndani ya mvinyo. Hapa ndipo wengi hulegea, ilhali kumimina ndiko kunakoweza kupoteza gesi nyingi kuliko kufungua. Mwaka 2010 Gérard Liger-Belair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reims, mji ulio katikati ya jimbo la Champagne, walichapisha utafiti uliolinganisha namna mbili za kumimina. Ya kwanza ilikuwa ile ya kizamani, ya kumwaga mvinyo katikati ya glasi iliyosimama wima. Ya pili ilikuwa kama tunavyomimina bia: glasi ikiwa imeinamishwa na mvinyo ukiteremka kwenye ukuta wake. Walipima gesi iliyobaki katika mvinyo wa nyuzijoto 4, 12 na 18. Katika joto lolote, glasi iliyoinamishwa ilibakiza gesi zaidi, na mvinyo baridi ulipoteza kidogo kuliko wenye joto. Sababu ni ileile tuliyoiona kwenye mtikiso. Mvinyo unaoanguka kutoka juu huvurugika, hunasa hewa na kujipatia viputo vingi vya kuanzia; unaoteleza kwenye ukuta wa glasi hausumbuki hivyo. Mvinyo baridi nao ni mzito kidogo, hutiririka kwa utulivu zaidi, na gesi husafiri ndani yake polepole.

Wapo wahudumu wanaoona kuwa kumimina shampeni kama bia ni kuishushia hadhi. Mimi nasimama upande wa vipimo. Ishike glasi kwenye mguu wake, iinamishe, karibisha mdomo wa chupa kwenye ukingo bila kuugusa, na umimine taratibu hadi upate kiasi cha vidole viwili. Ngoja povu lishuke. Povu hili la kwanza ndilo kubwa, kwa sababu mvinyo unakutana na glasi kavu. Kiasi kinachofuata kitaangukia kwenye mvinyo na hakitatoa povu jingi. Kisha endelea, ukiirudisha glasi wima polepole, hadi theluthi mbili ya kina chake. Anayejaribu kujaza kwa mmimino mmoja hupata glasi ya povu, hungoja, huongeza tena povu, na mwisho anakuwa amepoteza gesi bila kuokoa muda.

Turudi kwenye ile meza kuu tuhesabu. Kuna maharusi wawili, wasimamizi wawili na wazazi wawili walioitwa kugonga glasi, yaani watu sita. Chupa moja ya mililita 750 inampa kila mmoja mililita 110, na hubaki kama mililita 90. Mhudumu aanze kwa kupitia glasi zote sita akitia vile vidole viwili, kisha arudi kwenye ile ya kwanza, ambayo povu lake limekwisha kushuka, na kuzijaza kwa mpangilio uleule. Hakuna anayesubiri, na glasi zote zinakamilika kwa wakati mmoja hivi. Kama hotuba ya kutakia heri ni ndefu, ni vyema shampeni imiminwe karibu na mwisho wake na si mwanzoni, kwa sababu glasi ndogo katika ukumbi wenye joto hupanda joto kwa dakika chache tu. Chupa nayo hurudishwa kwenye ndoo baada ya kila mzunguko.

Glasi yenyewe ina mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Glasi pana na fupi ya umbo la bakuli, inayopendwa kwenye ile minara ya glasi ya harusini, huuacha mvinyo na uso mpana unaopoteza gesi haraka. Ndefu na nyembamba, au ile iliyovimba kidogo katikati na kubana mdomoni, huitunza vizuri zaidi. Viputo vinavyopanda kwa mistari ndani ya glasi huanzia mara nyingi kwenye nyuzi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zilizoachwa na kitambaa cha kukaushia au zilizotua kutoka hewani. Ndani ya kila uzi hunaswa hewa kidogo, na hewa hiyo ndiyo mahali pa kuanzia. Nyuzi chache ni neema, kwani bila hizo mvinyo ungeonekana umelala. Mabaki ya sabuni, kwa upande mwingine, huvunja povu la juu mara moja. Glasi zikishaoshwa zisuuzwe kwa maji ya moto mara kadhaa na kufutwa kwa kitambaa kisafi cha pamba. Ukiona kwamba katika seti moja glasi fulani hazishiki povu kabisa ilhali mvinyo ni wa chupa moja, tatizo ni sabuni. Glasi pia zisigandishwe kwenye friza, kwa sababu chembe za barafu ukutani huwa maelfu ya sehemu za kuanzia, na mvinyo hufoka pindi unapozigusa.

Kinachobaki ni zile mililita 90, au nusu chupa katika nyumba yenye watu wawili. Kuna imani iliyoenea kwamba kijiko cha fedha kikining'inizwa mdomoni mwa chupa huzuia gesi isitoke. Kijiko hakizibi kitu. Wanaokiamini huikuta chupa bado ina mapovu asubuhi kwa kuwa ilikaa kwenye friji, na ubaridi huo ungefanya kazi ileile bila kijiko. Kinachosaidia kweli ni kizibo maalumu chenye mpira wa ndani na mikono miwili inayong'ata chini ya ukingo wa chupa. Kwa hicho, chupa iliyobaki na zaidi ya nusu hunyweka vizuri siku moja hadi tatu. Iliyobaki na kidogo haidumu hivyo, kwa sababu gesi hutoka kwenye mvinyo kwenda kuijaza nafasi kubwa iliyo tupu. Usirudishie kizibo cha mvinyo wa kawaida kwa kukigongomea. Gesi itajikusanya tena chini yake, na hakina waya wa kukizuia. Iweke chupa wima sehemu ya ndani kabisa ya friji, mbali na mlango unaotikiswa kila unapofunguliwa, na unapokifungua kile kizibo cha mpira shikilia kichwa chake kwa kiganja huku ukiachia mkono mmoja baada ya mwingine.